Rafiki yangu anataka nimfutie kovu kwenye picha ya mahafali

*Shikamoo mama.*

*Nina miaka 24, naishi Morogoro, na kazi yangu ni picha: napiga, naediti, nachapa na kutia fremu. Rafiki yangu, nitamwita Tatu, tumekua nyumba za jirani tangu hatujaanza shule. Mwezi huu amehitimu shahada ya kwanza, na picha za mahafali nimempiga mimi, bure, kama tulivyoahidiana tukiwa kidato cha pili.*

*Tatu ana kovu la kuungua. Linaanzia chini ya sikio la kushoto, linashuka na taya mpaka karibu na kona ya mdomo. Aliungua na uji akiwa na miaka sita. Hajawahi kulificha. Mtandio haufungi kwa upande huo, picha yake ya WhatsApp linaonekana, na chuoni aligombea uongozi kwa mabango yenye sura yake ilivyo. Kwa hiyo nilishangaa tulipokaa mbele ya kompyuta, nikamfungulia picha tuliyoichagua, akaweka kidole kwenye skrini akasema, "Hili litoe."*

*Nikauliza, "Lote?"*

*"Lote. Hii ni ya sebuleni kwa mama. Saizi ya A2, na fremu ya dhahabu kama ya kaka."*

*Nikamwambia siwezi. Akacheka. "Juzi umemtoa bwana harusi kitambi, mimi unaniambia huwezi?" Nikasema kitambi si sawa na kovu. Akauliza tofauti ni nini, nikakosa la kusema. Nikamwambia picha ya mahafali ni kumbukumbu, na mimi sitengenezi kumbukumbu ya uongo, nataka ukweli ubaki. Akanyamaza, kisha akasema, "Ukweli huo mama anauona mwaka wa kumi na saba sasa. Akinitazama anaanzia hapa. Nataka apate picha moja ambayo akiitazama anaona joho."*

*Nikasema ukweli ni ukweli. Akasema uso ni wake. Nikamjibu kwamba picha ni yangu, na nilipoyasikia maneno yangu niliona haya.*

*Siku aliyoungua, mama yake alikuwa ameinjika uji uani, akaja kwetu mara moja kuomba chumvi. Mpaka leo mawifi zake wakikosana naye humtajia ile sufuria. Tatu anasema mama hajawahi kulizungumzia hata siku moja.*

*Ni siku ya nne hatujaongea vizuri. Joho la kukodi linarudishwa Ijumaa. Nifanyeje?*

*Mpiga picha, Morogoro*

*Nisisahau: siku ile tulikuwa tunacheza rede. Aliyerusha mpira ni mimi. Sijui hata kwa nini nimeandika hili.*

---

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikaichukua tena usiku. Nitaanza na kazi yako ya picha, maana huko ndiko ulikosimama unapobishana. Hilo uliloliandika chini ya saini nitalifikia, usidhani nimelipita.

Lile swali la kitambi na kovu nililipeleka kwa fundi mmoja wa picha wa mtaani kwetu, bila kumtaja mtu. Ni mtu mzima, alianza kazi enzi za filamu, wakati fundi alichonga penseli ikawa kali kama sindano, akaigusisha kwenye negativu mpaka doa likapotea. Hakusita kunijibu. Kitu ambacho baada ya wiki mbili kitakuwa kimeondoka chenyewe, anakitoa bila kuuliza: chunusi, jasho kwenye paji, uzi uliong'ang'ania joho, kipele cha wembe. Kitu cha kudumu hakigusi mpaka mwenyewe aseme. Kitambi, alisema huku akicheka, kinategemea na bwana harusi.

Nadhani kanuni hiyo unaifahamu, hata kama hujawahi kuitamka. Lakini itazame vizuri. Imewekwa kumlinda mteja na mkono wa fundi, asije akapokea picha akakuta baka lake la kuzaliwa limetoweka na hakuna aliyemwuliza. Haikuwekwa kumlinda fundi dhidi ya mteja. Tatu amesema, tena kwa kidole kwenye skrini. Kwa hiyo ukikataa, kanuni ya kazi haikubebi. Inawezekana unayo sababu nyingine, na inaweza kuwa nzuri. Ila itakubidi uitafute, kwa sababu hiyo ya kazi imekwisha.

Sasa neno lako "ukweli". Umeliandika zaidi ya mara moja, nami naomba nilidadisi kidogo. Umesema picha hizo zilipigwa siku ya mahafali. Sikosei sana nikidhani ilikuwa mchana, jua la utosi, na ukawasha flashi ili kofia isimtie kivuli machoni. Kama ndivyo, picha uliyonayo si uso wa Tatu ulivyo. Ngozi iliyoungua vibaya na kupona haina tezi za jasho, haina vinyweleo, haina vile vishimo vidogo vya ngozi ya kawaida. Ni laini kama karatasi ya nailoni. Mwanga wa flashi ukiipiga hurudi mzima mzima kwenye lenzi, wakati shavu la pili linaumeza nusu. Ndiyo maana kwenye picha makovu ya namna hii huonekana yanang'aa na makubwa kuliko yanavyoonekana mtu akiwa amekaa mbele yako anakunywa chai. Wewe umemzoea Tatu miaka yote. Mfungue kwenye skrini, kisha mtazame mwenyewe akiwa kivulini, uone kama ni kovu lile lile.

Ninachotaka kusema ni kwamba kati ya "litoe lote" na "siwezi" ipo nafasi pana ambayo ninyi wawili hamkuingia. Kuuondoa ule mng'ao peke yake si kufuta kovu. Ni kurudisha kile jicho linachokiona na flashi ikakiharibu. Fundi wangu anasema yeye hufanya hivyo kwenye tabaka la peke yake, picha ya asili ikiwa chini haijaguswa, kisha huvuta kile kitelezi cha Opacity polepole, mia, sabini, arobaini, huku mteja amekaa pembeni, mpaka mteja mwenyewe aseme "hapo." Wengi, anasema, huanza wakitaka mia. Akawa mwungwana, hakuniambia wanaishia wapi.

Lipo jambo lingine la ufundi, na hili ndilo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa Tatu. Umesema kovu linafika karibu na kona ya mdomo. Kovu la kuungua kwa mtoto halikui pamoja naye. Uso unaongezeka, ngozi ile inabaki pale pale, na mwaka hadi mwaka inavuta kilicho jirani yake. Sijamwona Tatu, lakini sitashangaa kama akicheka upande wa kulia unapanda na wa kushoto unabaki chini kidogo. Wewe unajua. Kama ni hivyo, fikiria itakuwaje ukifuta rangi na mikunjo peke yake. Utabaki na ngozi safi na mdomo uliovutwa na kitu ambacho hakipo tena. Mgeni akiingia sebuleni atajiuliza kama binti alipata kiharusi. Basi utalazimika kuunyanyua na mdomo pia, ile kazi ya kusukuma kwa Liquify, uuweke sawa na wa pili. Ukishafanya hivyo, kicheko kile umekibuni wewe. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumwona Tatu akicheka hivyo, mama yake akiwemo, tangu mtoto alipokuwa na miaka sita.

Na ngozi ya kuzibia utaitoa wapi? Ukikopa shavu la kulia ukaligeuza, mwanga unakataa, kwa sababu lilipigwa na jua kutoka upande mwingine. Ukilainisha kwa kufifisha, unapata ule uso wa plastiki ambao nyote mnaucheka kwenye mabango ya saluni. Kwenye picha ndogo ya albamu hayo yote hupita. Kwenye A2, karibu sentimita sitini kwenda juu, picha ya kuanzia kifuani, shavu linakuwa kubwa kama kiganja, na mama ana miaka ya kulitazama kwa karibu akiwa anafuta vumbi.

Simaanishi kwamba haiwezekani. Mafundi wazuri wanaifanya, na huenda wewe ni mmoja wao. Namaanisha kwamba Tatu aliposema "litoe", sidhani alijua anaomba na kicheko chake kiondoke. Hiyo ni habari anayostahili kuipata kabla ya kuamua, na ni wewe tu unayeweza kumpa. Mwonyeshe. Mfanyie mara moja hivyo anavyotaka, hadi mwisho, bila kuchapa, mkae mtazame wote wawili. Inawezekana atasema, "Huyo si mimi." Inawezekana pia atasema, "Ndiyo, hivyo hivyo," na wewe utabaki na kazi ya kumeza mate. Jiandae kwa yote mawili. Usimfanyie kama mtego wa kumfikisha unakotaka.

Niruhusu nikutoe nje ya habari yenu kidogo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala, wa rika lile lililochanjwa nembo usoni. Alikuwa na mistari mashavuni na kwenye paji, iliyopangwa kama ukili. Alipofariki tulikuwa na picha yake moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, imekunjika na kuchakaa. Mjomba akaipeleka studio ikuzwe. Fundi alikuwa kijana, hakuwahi kumwona Mmakonde mzee, naye akaitazama ile mistari akadhani ni mikwaruzo ya karatasi. Akaifuta yote, kwa bidii, mmoja mmoja. Picha ikarudi kubwa, safi, ndani ya fremu, na mama yangu akaiangalia akauliza, "Huyu mmemtoa wapi?" Bahati yetu ni kwamba picha ile ndogo haikupotea, kazi ikarudiwa.

Naijua tofauti, usinikatize. Bibi alizitaka nembo zake. Alijitoa mwenyewe akakatwa, akavumilia, akajivunia. Tatu hakuomba kuunguzwa na uji. Na bibi hakuulizwa, wakati Tatu ndiye anayeomba. Kwa hiyo hadithi hii haikupi ushindi juu ya rafiki yako. Naileta kwa sababu ya mama yangu, jinsi alivyosimama mbele ya ile picha. Hakukasirika. Alikuwa anatafuta kitu akakikosa, ndipo nilipojua kwamba miaka yote alipokuwa akimtazama mama yake alianzia kwenye mistari ile.

Tatu naye amekwambia mama yake huanzia hapo. Anachukulia kwamba anayeanzia hapo anaumia, na pengine ni kweli kabisa. Mwanamke aliyetajiwa sufuria na mawifi kwa miaka 17 hawezi kulitazama kovu lile kama mtu mwingine. Lakini hakuna aliyemsikia akisema. Tatu anatafsiri kimya cha mama, nawe unatafsiri maneno ya Tatu, na picha inakwenda kutundikwa kwa mtu wa tatu ambaye hajaulizwa. Inaweza kuwa nafuu kwake, kama Tatu anavyotarajia: ukuta mmoja ndani ya nyumba usiomhukumu. Inaweza pia kuwa kinyume. Picha ile itamwonyesha, kila asubuhi, binti ambaye angekuwa naye kama asingekwenda kuomba chumvi. Sijui ipi. Ninyi pia hamjui.

Kumwuliza mama moja kwa moja kuna hatari yake. Huwezi kumwendea mtu mzima na kumwambia, "Mama, tufute au tuache?" Umemtwisha mzigo wa kuamua, na jibu lolote litamfunga. Akisema futeni, amekiri kwamba uso wa mwanawe unamtesa. Akisema acheni, pengine amesema kwa heshima tu. Ningekuwa mimi, ningependa swali litoke kwa Tatu, na lisiwe la picha. Wanaweza kuwa wanachambua mchele, Tatu akaanza mwenyewe habari za siku ile. Ila sikulazimishi uamini kwamba hilo ni jepesi. Kama wameweza kunyamaza miaka yote hiyo, kimya hicho kina kazi kinayofanya humo ndani, na anayekivunja ni lazima awe tayari kukaa mpaka mwisho.

Lipo na hili la joho, ambalo lina muda. Kama ni lenu mpaka Ijumaa, mnayo nafasi ya kupiga upya, na nashangaa mpiga picha hukulifikiria. Nadhani ugomvi uliwaweka wote mbele ya faili moja kana kwamba picha nyingine haiwezi kuwepo. Nendeni saa kumi jioni chini ya mwembe, au msimamisheni karibu na dirisha kubwa lisilopigwa na jua, bila flashi, na poda kidogo juu ya kovu kuua mng'ao. Mwanga laini unaotoka mbele hulaza mikunjo. Ukitoka ubavuni, kila mkunjo unasimama na kivuli chake, hilo unalijua. Mpige mzima, toka kofia hadi viatu: kwenye A2 ile ile uso utakuwa na urefu wa sentimita sita au saba tu, na joho ndilo litakalojaa fremu, kama alivyosema anataka mama alione.

Au mpigeni na mama yake. Mama akae kushoto kwa Tatu, na Tatu amgeukie. Upande wa kovu utaelekea kwa mama, kamera itaona upande wa pili, na hutagusa kitu kwenye kompyuta. Fundi wangu aliipenda sana njia hii. Mimi nilikaa nayo usiku mzima, sikuafiki wala sikukataa. Ni nzuri kwa sababu haina udanganyifu wowote. Lakini fikiria unayemweka kulitazama kovu kwa karibu, siku ya furaha, ni nani. Huenda ndilo jambo la upendo kuliko yote, ama ndilo la mwisho mama angependa. Tatu ndiye wa kupima.

Mkiamua kufuta, hilo pia ni halali, na nisingependa ubaki ukimtazama rafiki yako kama mwongo. Watu wamerekebishiwa nyuso studio tangu miaka ya 1850, karibu na mwanzo wa kazi yenu, na waliotundika picha hizo hawakuwa wanadanganya mahakama. Sebule si faili la polisi. Picha ya pasi ya kusafiria au kitambulisho ndiyo isiyoguswa, maana pale alama ya kudumu inasaidia kumtambua mtu. Hii ni zawadi. Weka tu ile ya asili mahali pawili, faili zima lililotoka kwenye kamera, siyo ile iliyopunguzwa ukubwa kwa kutumwa WhatsApp. Akija kuitaka akiwa na miaka arobaini, uwe nayo.

Na lile la "picha ni yangu": mpiga picha ana haki zake, sikatai, lakini umeshasema uliona haya, basi sina la kuongeza.

Sasa yale maneno ya chini ya saini.

Uliandika barua ndefu juu ya ukweli, ukamweka mama na sufuria, ukaweka chumvi, ukaweka mawifi. Ukatia saini. Kisha ukarudi ukaandika sentensi tatu fupi. Umesema hujui kwa nini umeziandika. Nami sitajifanya najua kuliko wewe, nitakueleza tu nilivyosoma. Nilipokuwa nasoma mara ya kwanza nilidhani unakataa kwa sababu ya kazi. Mara ya pili nilijiuliza kama unakataa kwa sababu mkono unaoombwa kufuta ni ule ule uliorusha. Pengine unaona ukilifuta utakuwa umejisamehe mwenyewe kimyakimya, kwa kipanya, bila mtu kujua. Kama ndivyo, ni dhamiri safi hiyo, siicheki. Ila tazama inamgharimu nani. Wewe unataka ukweli ubaki ukutani, na ukweli huo unabebwa na shavu la Tatu. Ule wa kwako haumo kwenye picha hata kidogo, ufute usifute.

Ulikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba anayecheza rede anarusha mpira. Ndiyo kazi ya anayesimama pembeni. Hakuna mtu mzima mwenye akili atakayekuita mkosaji, wala mimi sikuiti. Wala mama wa Tatu hakukosa kwa kwenda kuomba chumvi nyumba ya pili, kama wanawake wote wa mtaa wanavyofanya. Lakini yeye amelipia peke yake. Unapofikiria kama umwambie Tatu au usimwambie, fikiria na huyu mama, maana kwake habari hiyo si ndogo.

Kumwambia kuna hatari. Anaweza kukuuliza kwa nini ulinyamaza, na mawifi wakisikia wanaweza kuhamishia maneno yao kwenu, nyumba mbili zikakorofishana. Wazazi wako pia wana hisa humo. Usiseme ili upate hoja ya kushinda ubishi wa picha. Ukifanya hivyo itasikika kama hoja tu. Na usiseme kwenye simu.

Ila kuna kitu kimoja kimenikaa, na nimecheza rede mimi, Mtwara, kabla hajazaliwa mama yako pengine. Anayekaa katikati hamtazami jirani wala jiko. Macho yake yako kwa mwenye mpira, tangu mkono unapokwenda nyuma mpaka mpira unapoachia, kwa sababu ndivyo anavyojua akwepe wapi. Tatu ndiye aliyekuwa katikati siku ile. Kisha amekua na wewe, amesoma na wewe, amekuchagua wewe umpige picha za mahafali, na amekaa pembeni yako akaweka kidole kwenye skrini.

Unadhani hakumwona aliyerusha?